Ulichoambiwa, ulichoona na unachodhani: kujaza PF3 ambayo hakimu ataisoma

*Shikamoo daktari. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya kijijini. Mwaka jana nilijaza PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyejeruhiwa, ya mama mmoja aliyepigwa. Niliandika: "Kashambuliwa na mumewe kwa panga, ana majeraha makubwa kichwani na mkononi." Nilipoitwa mahakamani wakili wa utetezi akaniuliza: ulikuwepo? Ulijuaje ni panga? Mbona saa ya uchunguzi haipo? Nilibabaika. Sasa kila fomu ikiletwa mkono unakuwa mzito. Niandikeje ili nimtendee haki mgonjwa na mimi nisiumbuke? Wenzangu wananishauri niandike kidogo tu, eti maneno mengi ndiyo yanayompa wakili pa kushika. Na je, ile ya zamani naweza kuirekebisha? Nimesikia kesi itaanza upya kusikilizwa.*

Marahaba, mwenzangu. Pole kwa siku ile. Nimesimama kizimbani kutoa ushahidi mara nyingi, na najua maswali ya dodoso yanavyoweza kumfanya mtu asahau hata jina la kituo chake. Lakini yale matatu uliyoulizwa yalikuwa maswali ya haki, na yote yangejibiwa na karatasi yenyewe kama ingejazwa kwa namna nitakayokueleza.

Tuitazame sentensi yako. "Kashambuliwa na mumewe" umeambiwa. "Kwa panga" umeambiwa pia. "Majeraha" umeyaona kwa macho yako, ila "makubwa" ni maoni, kwa kuwa hakuna kipimo. Umechanganya katika mstari mmoja habari uliyopewa, kitu ulichokiona na hukumu uliyoitoa mwenyewe, bila kumwonyesha msomaji mpaka kati yake. Wakili hakufanya lolote zaidi ya kuvuta uzi mmoja, na nguo yote ikafumuka. Aliposema "hukuwepo", alikuwa sahihi, na hapo hapo hakimu akaanza kuyatilia shaka hata yale majeraha uliyoyashona kwa mikono yako.

Dawa yake ni kutenganisha. Maelezo ya mgonjwa yapewe aya yake, na yaanze kwa "Mgonjwa anaeleza kwamba". Uchunguzi wako uwe na aya yake, bila neno hata moja ulilosimuliwa. Maoni yako yaje mwisho, yakitaja yameegemea kitu gani katika huo uchunguzi. Ukifanya hivyo, wakili akiuliza "ulikuwepo?" utamjibu bila wasiwasi: "Sikuwepo, Mheshimiwa. Ndiyo maana nimeandika kwamba mgonjwa ndiye aliyenieleza."

Hapo kwenye "anaeleza" nina ombi. Wengi wetu tumezoea kuandika "anadai". Neno hilo kwa masikio ya watu lina harufu ya kutoamini, hata kama wewe hukukusudia hivyo. "Anaeleza" au "anasema" halina upande. Na pale ambapo maneno yake yana uzito, yaandike kama alivyoyatamka, ndani ya alama za kunukuu: "Alinipiga na ubapa wa panga, nikainua mkono." Usiyasafishe wala usiyageuze kuwa lugha ya kitabibu. Utaona baadaye kwa nini neno moja kama "ubapa" linaweza kuiokoa kesi.

Sasa nikujibu kuhusu ushauri wa kuandika kidogo. Nauelewa unatoka wapi, lakini unamuumiza mgonjwa kwanza na wewe baadaye. Kesi ya namna hii inaweza kukufikia baada ya mwaka, miaka miwili au zaidi. Siku hiyo utakuwa umeshawaona wagonjwa maelfu, na huyu hutamkumbuka hata sura. Sheria inakuruhusu kujikumbusha kwa maandishi uliyoyafanya wakati ule, ila maandishi matupu hayakumbushi kitu. Na usichokiandika kinachukuliwa kuwa hukukiangalia. Ukiandika jeraha la kichwani tu, na mgonjwa akaja kusema mahakamani kwamba alikabwa pia shingo, wakili atauliza mbona daktari hakuona alama shingoni. Kama uliitazama shingo ukaikuta salama, ilitakiwa uandike: "Shingo: hakuna mchubuko, uvimbe wala alama ya vidole, anameza bila maumivu." Mstari huo haumwangushi mgonjwa, kwa kuwa mtu anaweza kukabwa asibaki na alama, na hilo utaweza kulieleza ukiulizwa. Kinachomwangusha ni ukimya.

Ukamilifu hata hivyo una mipaka. Hali yake ya virusi vya ukimwi, mimba aliyotoa miaka kumi iliyopita, ugomvi wa mirathi aliokusimulia wakati unamshona, hivyo vyote havina nafasi kwenye PF3 kama havihusiani na madhara unayoyaeleza. Fomu hiyo itasomwa na polisi, mwendesha mashtaka, wakili na mshtakiwa, na ikishapokelewa kuwa kielelezo inatakiwa isomwe kwa sauti mbele ya wote waliomo chumbani. Huo ndio msimamo wa Mahakama ya Rufani ya Tanzania tangu uamuzi wake wa mwaka 2003. Kabla hujaandika jambo, jiulize kama lingefaa kusomwa kwa sauti mbele ya watu hao.

Nitakupa mfano nilioutunga, unaofanana na wa yule mama, tuufanye pamoja hatua kwa hatua.

Mama wa miaka 34 analetwa kituoni Jumapili asubuhi, tarehe 10 Machi 2024. Anavuja damu kichwani na hana PF3. Unamtibu kwanza; fomu itamkuta. Nduguye anaenda polisi na kurudi na fomu baadaye. Hapa pana nyakati nne, na zote ni lazima ziwemo: wakati anaosema alipigwa, wakati alipofika kituoni, wakati ulipomchunguza na wakati ulipoijaza fomu. Ukiweka tarehe moja tu chini pembeni ya sahihi, msomaji atadhani yote yalitokea pamoja. Na kama fomu imeletwa baada ya kushona, sema hivyo waziwazi, kwa kuwa jeraha lililoshonwa halionekani sawa na lililo wazi, na mtu anaweza kudhani ulijaza fomu kwa kukisia.

Saa nazo zina mtego kwetu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Niliwahi kuona fomu iliyoandikwa "8:30" bila neno jingine. Polisi aliisoma saa nane na nusu mchana, wakili akaisoma saa mbili na nusu asubuhi, na aliyeiandika alikuwa na maana ya saa mbili na nusu usiku. Kila mmoja alikuwa na hoja yake. Chagua mfumo mmoja na uutaje: ama "saa 2:30 usiku", ama "20:30". Usiku wa manane ni mbaya zaidi. Kwa watu wengi "usiku wa Jumapili" ni ule wa kuamkia Jumapili, kwa wengine ni ule unaofuata baada ya mchana wa Jumapili, na kesi inaweza kupotea hapo kwa sababu hati ya mashtaka inataja tarehe moja na fomu yako nyingine. Andika: "usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 10 Machi 2024, kwa makadirio yake saa 7 usiku". Mwezi uandike kwa neno, usiandike 3/10 wala 10/3.

Unampima. Hapa usikimbilie uzi. Baada ya kudhibiti damu, kata nywele kuzunguka jeraha, lioshe, kisha litazame kwenye mwanga mzuri ukiwa na rula. Hizo dakika tatu ndizo fomu yote. Unalenga mambo machache: liko wapi hasa, lina urefu gani, kingo zake zikoje, ndani yake kuna nini.

Mahali uandike kwa kupima kutoka kwenye alama ya mwili isiyohama. "Kichwani" inaweza kuwa kisogoni au kwenye paji la uso. "Upande wa kushoto wa kichwa, sentimita 6 juu ya tundu la sikio" inapatikana na mtu yeyote mwenye rula. Urefu upime, usikisie. Na kama umekadiria kwa macho, sema umekadiria.

Kingo ndizo zinazozungumza zaidi, na hapa ndipo wengi hukosea. Jeraha la kukatwa na makali lina kingo nyoofu, na ukilifunua kwa upole chini yake utaona tishu zote zimekatika safi. Nywele za ukingoni nazo zimekatika. Jeraha la kupasuka, linalotokana na kitu butu, lina kingo zilizochanika, mara nyingi zimechubuka au zimevilia damu, na ndani yake utaona nyuzi nyembamba za tishu zilizovuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kama nyuzi za muhogo uliovunjwa. Makali hayaachi nyuzi hizo. Kwenye kichwa lazima uwe mwangalifu mara mbili, kwani ngozi pale imetandazwa juu ya mfupa, na rungu au ukuta unaweza kuipasua kwa mstari ulionyooka utakaodhani ni wa kisu. Usipolifunua jeraha ukaangalia ndani, utaandika "kitu chenye makali" kwa jeraha la kitu butu. Ukishashona, nafasi ya kuangalia imekwisha.

Tuseme kwa mama huyu umekuta nyuzi, na kingo zimechanika. Fikiria sasa kama ungeandika "kwa panga" na basi. Mtaalamu wa upande wa utetezi angetazama picha na kusema, kwa haki kabisa, kwamba jeraha lile halikukatwa na makali. Na hakimu angebaki na swali: kama panga ni uongo, kitu gani kingine ni uongo? Mama aliyesema kweli angeonekana mwongo kwa kosa la kalamu yako. Lakini wewe ulinukuu maneno yake: "ubapa wa panga". Ubapa ni kitu butu. Ukweli wake na ukweli wa jeraha vinakutana, na hukuvilazimisha vikutane.

Mkononi umekuta uvimbe upande wa kidole kidogo, katikati ya mkono wa chini, unauma sana ukiugusa. Usiandike "alijikinga". Andika ulichokiona na mahali pake. Kwenye maoni unaweza kusema kwamba majeraha ya upande huo hupatikana mtu anapoinua mkono kuzuia pigo, na kwamba yanaweza pia kutokea kwa kuangukia mkono. Usiandike "umevunjika" kama hujapata picha ya mionzi. Andika "nimeshuku kuvunjika, amepewa rufaa kwa picha ya mionzi". Wala usiandike alama ya # kumaanisha kuvunjika, kama tunavyofanya wodini. Wakili hajui maana yake, na hakimu naye hapaswi kubahatisha.

Na mgongoni, alipovua nguo, umekuta mvilio wa damu wenye rangi ya njano na kijani. Wengi wangeuacha kwa kuwa hauhusiani na usiku ule. Wengine wangeuandika pamoja na mengine kana kwamba ni wa usiku ule. Yote mawili ni makosa. Kuhusu umri wa mvilio tunajua kidogo kuliko tunavyojidai. Zile orodha za rangi tulizokaririshwa chuoni, nyekundu siku ya kwanza, bluu siku ya pili, kijani siku ya tano, haziaminiki. Watu wawili waliogongwa kwa wakati mmoja wanaweza kuwa na rangi tofauti kabisa, na kwenye ngozi nyeusi rangi zenyewe huonekana kwa shida. Jambo moja lenye msingi ni kwamba njano haijaonekana kabla ya takriban saa 18. Wewe umemchunguza saa saba na ushei baada ya wakati anaoutaja, kwa hiyo mvilio huu ni wa kabla ya hapo. Utasema hivyo, na hutasema ni wa lini. Ukimuuliza akakueleza umetokana na nini, nukuu. Wakili akija kukuonyesha mvilio huo kwenye picha, atakuta ulishauona na ulishasema si wa usiku ule.

Fomu yako basi inaweza kusomeka hivi:

*"Mgonjwa alifika kituoni Jumapili tarehe 10 Machi 2024 saa 2:10 asubuhi, akisindikizwa na ndugu yake. Nilimchunguza saa 2:40 asubuhi kwa ridhaa yake, muuguzi akiwepo. PF3 ililetwa saa 4:30 asubuhi, baada ya majeraha kutibiwa. Naijaza siku hiyo hiyo saa 5:00 asubuhi kutoka kwenye kumbukumbu nilizoandika katika faili lake wakati wa uchunguzi.*

*Maelezo yake: Anaeleza kwamba usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 10 Machi 2024, kwa makadirio yake saa 7 usiku, akiwa nyumbani, alipigwa na mtu anayemfahamu. Anasema: 'Alinipiga na ubapa wa panga, nikainua mkono.' Anasema hakupoteza fahamu.*

*Nilichokiona: Ana fahamu kamili, anajibu maswali, anatembea bila kuyumba. Kichwa, upande wa kushoto, sentimita 6 juu ya tundu la sikio: jeraha la kupasuka, urefu sentimita 4.5, kingo zimechanika na kuchubuka, nyuzi za tishu zimevuka ndani ya jeraha, mfupa hauonekani. Limeshonwa nyuzi sita. Mkono wa kushoto wa chini, upande wa kidole kidogo, sentimita 12 chini ya kiwiko: uvimbe sentimita 5 kwa 4, maumivu makali ukiguswa, ngozi haijapasuka. Mgongo, chini ya bega la kulia: mvilio wenye rangi ya njano na kijani, sentimita 3 kwa 2. Shingo, kifua, tumbo na miguu: nimetazama, hakuna jeraha.*

*Maoni: Jeraha la kichwa linalingana na kupigwa na kitu butu, ukiwemo ubapa wa panga, linaweza pia kutokana na kuanguka na kugonga kitu kigumu. Halilingani na makali. Mvilio wa mgongoni ni wa kabla ya wakati anaoutaja. Daraja la dhara la mkono: nasubiri picha ya mionzi."*

Sikumtaja mume. Jina la mtuhumiwa ni kazi ya mpelelezi na ya mama mwenyewe akitoa ushahidi. Mimi sina namna ya kulipima kwa rula. Wapo wenzangu wanaoliandika kama sehemu ya nukuu, na si kosa mradi ibaki wazi kwamba ni maneno ya mgonjwa, lakini mimi sioni linachoongeza.

Huenda ukaogopa sentensi ile ya "linaweza pia kutokana na kuanguka", ukiona kama umempa mshtakiwa mlango. Mlango huo upo hata usipoutaja, na wakili ataufungua mwenyewe huku akikuonyesha kuwa ulitaka kuuficha. Ukiutaja wewe kwanza, unabaki shahidi wa mahakama. Hakimu ndiye atakayeuweka pamoja na ushahidi mwingine: jirani aliyesikia kelele, panga lililokutwa, maelezo ya mama.

Maneno ya kupimia maoni yana ngazi zake. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza mateso, unaojulikana kama Itifaki ya Istanbul, umeweka ngazi tano ambazo mimi huzitumia hata kwa kesi za kawaida: jeraha halilingani na maelezo; linalingana, ila lina visababishi vingine vingi; linalingana sana, na visababishi vingine ni vichache; ni la aina inayoonekana kwa kawaida katika tukio kama hilo; na mwisho, haliwezi kutokana na kitu kingine. Hiyo ngazi ya mwisho naitumia kwa nadra mno. Unapojaza sehemu inayouliza aina ya silaha, chagua ngazi na uwe na sababu yake kwenye aya ya uchunguzi. Usipokuwa na sababu, shuka ngazi moja.

Vivyo hivyo kwa madaraja ya dhara ambayo fomu inakuuliza. Dhara kubwa, dhara la hatari na kilema ni maneno yenye maana maalumu katika Kanuni ya Adhabu, na tofauti yake inaweza kubadilisha shitaka lenyewe. Usilipandishe daraja kwa hasira uliyonayo juu ya aliyefanya. Mfupa ukisubiri picha, daraja nalo lisubiri. Picha ikija siku ya tatu, andika nyongeza: "Nyongeza ya tarehe 13 Machi 2024, saa 3:20 asubuhi", ueleze picha imeonyesha nini, uweke sahihi. Usiichomeke katikati ya mistari ya tarehe 10.

Jambo jingine dogo linalozaa matatizo makubwa ni maneno ya hukumu juu ya mgonjwa. "Amelewa" ni hitimisho. "Ananuka pombe, anatamka maneno vizuri, anatembea bila kuyumba" ni uchunguzi, na unampa hakimu picha tofauti kabisa. "Amebakwa" nalo ni hitimisho la kisheria ambalo hutakiwi kulitoa, wala "hajabakwa" kwa sababu hukukuta jeraha. Kwa sheria yetu kupenya hata kidogo kunatosha, na mwanamke au mtoto anaweza kuwa amepitia hayo asiwe na alama yoyote. Kile kipimo cha vidole viwili cha "bikira" hakina msingi wa kitabibu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka kikomeshwe. Nakusihi usikifanye na usikiandike.

Kuhusu lugha, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu. Ukijaza fomu kwa Kiswahili chepesi unamrahisishia kila mtu, pamoja na mgonjwa anayesikiliza mwili wake ukisomwa. Ukilazimika kutumia istilahi, fuatisha maana yake papo hapo.

Kalamu iwe ya wino. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya neno ili liendelee kusomeka, andika neno lililo sahihi karibu yake, weka herufi za jina lako na tarehe na saa. Wino mweupe wa kufutia usiuguse kabisa. Hata kama ulifuta kosa la herufi moja, hakuna atakayejua kilichokuwa chini. Jina lako kamili, cheo na mhuri visomeke. Kabla fomu haijaondoka, toa nakala uiweke kwenye faili la mgonjwa, na uandike kwenye daftari ni nani aliyeichukua na lini. Fomu hupotea njiani, na nakala yenye tarehe pamoja na faili lenyewe ndivyo vitakavyokukumbusha. Picha ukizipiga, ziwe kwa ridhaa, rula ikiwa pembeni ya jeraha, moja ya mbali ya kuonyesha ni sehemu gani ya mwili na moja ya karibu. Kamwe zisipite kwenye kundi la Wasapu la kituo, hata kwa nia ya kuomba ushauri.

Sasa fomu yako ya zamani. Usiiguse. Imeshapokelewa mahakamani, na hata nakala iliyoko kituoni usiongeze nukta. Kuongeza saa leo kwa kukumbuka, hata kama unakumbuka sawasawa, kutakufanya uonekane umeghushi, na hilo ni kosa la jinai. Unachoweza kufanya ni kutafuta faili la mama yule, daftari la wagonjwa wa nje na daftari la chumba cha upasuaji mdogo. Mara nyingi saa ya kufika ipo pale, imeandikwa na muuguzi. Idadi ya nyuzi ulizoshona pengine ipo. Hayo ni maandishi ya wakati ule na yana thamani. Usiyapeleke mahakamani kwa mkono wako. Mweleze mwendesha mashtaka mapema kwamba yapo, yeye ajue namna ya kuyaleta kihalali.

Ujue pia kwamba fomu dhaifu haiui kesi peke yake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa mshtakiwa haki ya kutaka aliyeandika ripoti aitwe ahojiwe, na hakimu anatakiwa kumweleza haki hiyo. Mahakama ya Rufani imeziondoa PF3 nyingi kwenye kumbukumbu za kesi kwa sababu mshtakiwa hakuelezwa haki hiyo, au kwa kuwa hazikusomwa baada ya kupokelewa, hata pale daktari alipojaza vizuri. Bado mahakama inaweza kutegemea ushahidi wa mdomo wa daktari, wa mgonjwa na wa wengine. Wewe ukirudi kizimbani, unarudi na nafasi ya kueleza.

Kuna mahali ambapo maandishi yangu hayatoshi, na inabidi ukae na mtu ana kwa ana. Kabla ya kutoa ushahidi tena, omba kuonana na wakili wa serikali anayeendesha kesi, umwonyeshe ulichoandika na umwambie bila kuficha pale kilipopungua. Asije akaligundua hilo kizimbani pamoja nawe. Mgonjwa wa ukatili wa kingono, hasa mtoto, kama hujafundishwa uchunguzi wake, mpe huduma ya dharura na umpeleke haraka kwenye kituo cha mkono kwa mkono au hospitali yenye mtaalamu. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo bora. Nguo zake ziwekwe kwenye bahasha za karatasi, kila moja peke yake na ikiwa imekauka, wala zisiwekwe kwenye mifuko ya plastiki inayoozesha vielelezo kabla havijafika kwa Mkemia Mkuu. Mwili wa marehemu ni kazi ya daktari aliyepewa kazi hiyo. Usiandike chanzo cha kifo kwa kutazama nje tu. Na ukiona polisi au ndugu anakubembeleza au kukutisha ubadilishe neno, andika kumbukumbu yenye tarehe ya alichokwambia na umfikishie mganga mkuu wa wilaya siku hiyo hiyo.

Siku ukiitwa, soma faili usiku wake na tena asubuhi. Ukiulizwa jambo ambalo halimo kwenye karatasi na hulikumbuki, jibu "sikumbuki". Kwa ile saa iliyokosekana, kama daftari halitaonyesha, sema hivi: "Sikuiandika, Mheshimiwa. Nilipaswa kuiandika." Kisha subiri swali linalofuata.